Picha ya goti lililosagika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu wa makamo anayeshinda sokoni, ambaye ametoka hospitali na bahasha ya eksirei na karatasi inayosema mambo mawili: nafasi ya kiungo imepungua, na kuna vichomozo vya mfupa. Ili tusizungumze hewani, tutafuata mfano wa goti moja: goti la kulia la mama mfanyabiashara wa miaka 52, mwenye uzito wa kilo 86. Anakaa kwenye kigoda kifupi, anainuka mara nyingi kuhudumia wateja, na jioni hubeba mzigo uliobaki. Goti linamuuma akiinuka na akishuka ngazi. Asubuhi hukakamaa kidogo, kisha huachia baada ya dakika kama kumi.

Nikiishika picha, nianze kutazama wapi?

Tafuta kwanza herufi R au L pembeni. R ni mguu wa kulia, L ni wa kushoto. Mfupa mnene unaoshuka kutoka juu ni wa paja, na ule ulio chini yake ni wa muundi. Pembeni mwa mfupa wa muundi utauona mfupa mwingine mwembamba. Huo upo siku zote upande wa nje wa mguu, kwa hiyo ukishautambua, upande ulio mkabala nao ndio wa ndani, yaani ule unaoelekea goti la pili.

Sasa tazama ufa mweusi kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Katika goti la mama huyu, upande wa nje ufa una milimita 5 hivi. Upande wa ndani umebaki kama milimita 2. Kwenye kingo za mifupa, hasa upande huohuo wa ndani, kuna ncha ndogo zilizochomoza kama midomo. Habari kubwa ya picha yake ni hiyo, na huhitaji kuwa daktari kuiona.

Ule ufa mweusi ni nini? Mbona watu wanasema ni ute umeisha?

Eksirei ni picha ya vivuli. Mfupa huzuia mionzi, hivyo hutokea mweupe. Kitu laini hupitisha mionzi, hivyo hutokea cheusi au kijivu. Ufa unaouona si uwazi mtupu. Umejaa gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa, pamoja na visahani viwili laini vilivyokaa kati ya mifupa ili kugawa uzito. Picha haiwezi kuvionyesha vitu hivyo, ila inaonyesha umbali ambao vinaitenganisha mifupa. Umbali ukipungua, tunajua gegedu limekonda, au kisahani kimechanika au kimesukumwa nje ya mahali pake. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Ute ni jambo jingine. Upo, ni kimiminika kidogo kinacholainisha kiungo, na hauonekani kwenye eksirei. Goti lililosagika mara nyingi lina ute mwingi kupita kawaida, kwa sababu utando wa ndani umechokozwa na unatoa maji. Ndiyo maana goti hujaa na kuwa zito kukunja baada ya siku ndefu. Kwa hiyo anayekuuzia kitu cha kuongeza ute kwa kuonyesha ufa uliopungua kwenye picha, anauza dawa ya tatizo ambalo picha hiyo haikulitaja.

Kwa nini upande wa ndani ndio umekwisha na wa nje bado mzuri?

Kwa sababu ndio unaobeba zaidi. Mtu anapotembea, zaidi ya nusu ya uzito unaopita gotini hupita upande wa ndani. Gegedu la upande huo likianza kukonda, mguu huinamia ndani kidogo, goti linatoka nje kama upinde, na uzito unahamia zaidi palepale palipokwisha kulika. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Ukisimama mbele ya kioo miguu ikiwa pamoja na ukaona magoti yameachana kuliko zamani, ndicho unachokiona.

Wengine huanza mahali tofauti, kati ya pia ya goti na mfupa wa paja. Hao huumia zaidi kwenye ngazi na kuinuka kwenye kiti kifupi, ilhali kutembea tambarare hakuwasumbui sana. Picha ya mbele peke yake inaweza kuonekana safi kwa mtu wa namna hiyo. Mahali hapo huonekana vizuri kwa picha ya pembeni au ile inayopigwa kutokea juu ya pia ya goti, goti likiwa limekunjwa.

Nilipigwa picha nikiwa nimelala kitandani. Ina shida?

Ina shida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukilala, goti halibebi kitu na mifupa huachana kidogo, hivyo ufa unaonekana mpana kuliko ulivyo. Ni kama kupima unene wa godoro wakati hakuna aliyelilalia. Goti la mama wetu, lenye milimita 2 akiwa amesimama, lingeweza kuonekana karibu la kawaida akiwa amelala, na angeambiwa hana tatizo.

Picha nzuri ya kupima ufa hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, na mara nyingi magoti yote mawili katika picha moja ili yalinganishwe. Mara nyingine mpiga picha hukutaka ukunje magoti kidogo. Hakusumbui bure: gegedu hulika zaidi sehemu ya nyuma kidogo, ile inayotumika goti likiwa limekunjwa, na mguu ulionyooka kabisa unaweza kuificha. Kama huwezi kusimama kwa maumivu, mwambie, ili iandikwe kwenye karatasi kwamba picha ilipigwa ukiwa umelala. Asiposoma hilo, daktari mwingine atakuja kulinganisha picha mbili zisizolingana na kuona goti limeharibika ghafla, kumbe kilichobadilika ni jinsi ulivyosimama.

Hivyo vichomozo vya mfupa ndivyo vinavyonichoma? Vikatwe?

Kwa sura vinatisha, na wengi wakiviona hudhani ni misumari inayowachoma kutoka ndani. Lakini vichomozo ni matokeo, si chanzo. Kiungo kikipoteza gegedu huanza kuyumba kidogo na kubeba uzito vibaya, na mwili hujibu kwa kuotesha mfupa mpya kingoni, kana kwamba unataka kupanua sehemu ya kukalia. Ncha zake kwa kawaida ni butu, na zimefunikwa na gegedu lake.

Kikiwa kikubwa, kichomozo kinaweza kuzuia goti kunyooka au kukunjika kikamilifu, au kuvuta utando unaolizunguka goti mpaka ukauma. Hilo linawezekana. Lakini kuvikata bila kugusa tatizo lililovileta hakuponyi goti. Upasuaji wa kuingiza kamera ndogo, kuosha goti na kusawazisha ndani ulifanyiwa watu wengi sana kwa miaka mingi, hadi mwaka 2002 yalipotolewa matokeo ya utafiti uliolinganisha waliofanyiwa kweli na waliochanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani. Waliofanyiwa kweli hawakupata nafuu kuliko wenzao. Ukiambiwa leo kwamba goti lako litasafishwa na vichomozo viondolewe ili upone, uliza maswali zaidi kabla ya kukubali.

Karatasi inataja pia weupe chini ya kiungo na vishimo vidogo. Ni saratani?

Hapana. Gegedu likikonda, mfupa ulio chini yake hupokea kishindo chote na hujijenga kuwa mgumu, hivyo huonekana mweupe zaidi. Vishimo vidogo vyenye maji hutokea katika mfupa huohuo unaoelemewa. Vyote viwili ni sehemu ya ugonjwa huuhuu, na msomaji wa picha angeandika maneno mengine kabisa kama angeona uvimbe.

Nimeambiwa niko daraja la 3. Kati ya ngapi, na la 4 linakuja lini?

Daraja hizo zinaanzia 0 hadi 4, na zilipangwa na madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957. Daraja 0 ni goti safi. La 1 ni shaka tu. La 2 lina vichomozo vya hakika, na ufa labda umepungua. La 3 lina vichomozo kadhaa na ufa uliopungua waziwazi. Hapo ndipo lilipo goti la mama wetu. La 4 ni pale ufa umekwisha au umekaribia kwisha, mifupa inagusana, na mara nyingi umbo la goti limebadilika.

Kuhusu lini, hakuna tarehe. Magoti mengi hukaa daraja moja kwa miaka. Mengine hushuka haraka, hasa yaliyopinda na yanayobeba uzito mkubwa. Tena wasomaji wawili wazuri wanaweza kuitazama picha moja, mmoja akaandika 2 na mwingine 3. Usilale macho kwa sababu ya namba.

Kuna mwenzangu picha yake ni mbaya kuliko yangu, lakini anatembea vizuri. Inakuwaje?

Hili ni la kawaida kabisa. Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kukonda kwake hakuumi. Kinachouma ni utando wa ndani uliovimba, mfupa unaoelemewa, na kano na misuli inayojaribu kulishikilia goti. Vitu hivyo hubadilika wiki hata wiki, ilhali picha inabaki ileile. Mwenzako huenda ana misuli imara ya paja na utando uliotulia. Wewe huenda umekuwa na wiki mbaya.

Ndiyo sababu daktari mzuri hakutibu kwa picha. Mtu aliyefika miaka 45, anayeumwa goti akilitumia, na ambaye kukakamaa kwake kwa asubuhi hakuzidi nusu saa, anaweza kutambuliwa ana kusagika kwa goti bila hata kupigwa eksirei. Picha husaidia pale mambo hayaeleweki, au upasuaji unapofikiriwa.

Wanajuaje kwamba si baridi yabisi au gauti?

Kwa maelezo yako kwanza. Baridi yabisi hukakamaza viungo asubuhi kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya saa moja, na hupenda viungo vidogo vya mikono, kulia na kushoto. Kwenye picha ya goti ufa hukonda pande zote mbili kwa pamoja, na vichomozo ni vichache au havipo. Gauti huja kwa kishindo: goti linalala zima na linaamka jekundu, la moto, lisiloguswa. Picha yenye upande mmoja uliokwisha na vichomozo, kama ya mama wetu, inaelekea kwenye kusagika. Hata hivyo mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili katika goti moja, kwa hiyo likivimba ghafla usilisingizie picha ya zamani.

Je, nifanyiwe kipimo kikubwa cha MRI?

Kwa hali kama ya mfano wetu, mara nyingi hakihitajiki. Kitaonyesha gegedu lililolika na kisahani kilichochanika, mambo yanayotarajiwa katika goti la umri huo, na hayatabadilisha matibabu. Kinafaa goti likikwama ghafla lisinyooke, au daktari akishuku jambo jingine.

Niache biashara nikae nyumbani nipumzishe goti?

Hapana. Goti linalokaa tu hupoteza misuli, na misuli ya paja ndiyo kizuia kishindo ulichobakiwa nacho. Kinachotakiwa ni kubadili namna ya kufanya kazi.

Kigoda kifupi ndicho adui wa kwanza. Ukikaa magoti yakiwa juu ya nyonga, kila kuinuka kunaibana pia ya goti kwa nguvu nyingi. Tafuta kiti ambacho ukikaa, nyonga ziko juu kidogo ya magoti, na chenye mahali pa kushika unapoinuka. Bidhaa zinazotoka mara kwa mara ziwe juu ya meza, zile za chini ziwe ambazo hazitoki kila saa. Kusimama saa nzima mahali pamoja na kukaa saa nzima vyote huligandisha goti. Badilisha kabla halijaanza kulalamika. Mzigo wa jioni ugawanye safari mbili au uusukume kwa magurudumu, kwa sababu kilo zilizo kichwani nazo zinapita gotini.

Fimbo je? Inasaidia, lakini ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Wengi huishika upande unaouma, na hapo haipunguzi mzigo inavyopaswa.

Mazoezi si yataendelea kusaga?

Hofu hii inaeleweka ukishaiona picha, lakini mazoezi ya kiasi hayamalizi gegedu, na ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri kuliko vidonge vingi. Mama wetu alianza na mawili. La kwanza: kukaa kwenye kiti kirefu, kunyoosha goti mpaka mguu usawazike, kuhesabu hadi tano, na kushusha polepole, mara kumi kila mguu. La pili: kuinuka kwenye kiti kirefu na kukaa tena bila kujitupa, mara kumi, akijishikilia mwanzoni. Alifanya hivyo siku nyingi za wiki, na alipoona kumi ni rahisi akaongeza mzunguko.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni hiki: maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, lakini yanapaswa kurudi yalivyokuwa kabla ya siku ya pili. Yakibaki makali zaidi kesho yake, au goti likijaa maji, punguza idadi, usiache. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati goti lilikuwa bado halijapata misuli yoyote ya kujivunia.

Kupunguza uzito kuna maana kiasi gani?

Kwa aliye na uzito uliozidi, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo kama 4 katika kila hatua. Mama wa kilo 86 akipunguza kilo 5, goti lake linapunguziwa kilo 20 hivi kila anapokanyaga. Lengo la kuanzia ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kwake kilo 4 hadi 9, polepole, ndani ya miezi. Asiye na uzito wa kupunguza asijitese kwa njaa; hasara itakuwa ni misuli.

Dawa gani zinafaa, na sindano je?

Kwa goti, dawa ya kupaka yenye diklofenaki inafaa kujaribiwa kabla ya vidonge, kwa sababu kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Hupakwa kila siku kwa wiki kadhaa. Kupaka mara moja usiku mmoja hakukupi jibu.

Vidonge vya jamii hiyo, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupunguza maumivu lakini vina gharama mwilini: vidonda vya tumbo, figo, kupanda kwa presha na matatizo ya moyo. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa figo au historia ya vidonda asivitumie bila kuongea na daktari. Hatari ninayoiona mara nyingi ni mtu kumeza aina mbili zenye majina tofauti bila kujua ni jamii moja. Parasetamoli ina nafuu ndogo kwa goti.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikichomwa ndani ya goti huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, na inafaa pale goti limefura na huwezi hata kuanza mazoezi. Hairudishi gegedu, na kuchomwa mara kwa mara kunaweza kulikondesha zaidi, hivyo huachanishwa kwa miezi. Vidonge vya glukosamini havijathibitika kurudisha ufa kwenye picha, na miongozo mingi haivishauri.

Upasuaji wa kuweka goti la bandia unahitajika lini?

Si picha inayoamua. Swali ni kama maumivu yanakuamsha usiku, yanakuzuia kutembea na kufanya kazi, na kama mazoezi, uzito na dawa vimejaribiwa kwa miezi bila kufaa. Picha ya daraja la 4 kwa mtu anayefanya kazi zake inaweza kusubiri. Magoti ya bandia hudumu: takribani 8 kati ya 10 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini anayewekewa akiwa na miaka 50 ana nafasi kubwa zaidi ya kuhitaji kufanyiwa tena kuliko anayewekewa na 70. Kwa mtu wa makamo ambaye upande mmoja tu ndio uliolika na mguu umepinda, kuna upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa wa muundi ili uzito uhamie upande ulio bado mzuri. Muulize daktari wa mifupa kama unakufaa.

Dalili zipi zisisubiri siku ya kliniki?

Goti la moto lililovimba pamoja na homa, kwani linaweza kuwa na usaha ndani na huharibika kwa siku chache. Kushindwa ghafla kukanyaga baada ya kuanguka. Goti lililokwama lisinyooke kabisa. Uvimbe na maumivu ya shavu la mguu mmoja, ambayo yanaweza kuwa damu iliyoganda. Maumivu yasiyotulia hata ukilala, yanayoambatana na kukonda bila sababu.

Nirudie picha kila mwaka nione inavyoendelea?

Hakuna haja, ingawa mionzi ya eksirei ya goti ni midogo sana, pungufu ya ile unayoipata kwa kuishi tu duniani siku moja. Tatizo ni kwamba picha mpya isiyobadilisha matibabu huongeza hofu peke yake. Rudia dalili zikibadilika au upasuaji ukipangwa, na ukiwa mjamzito mjulishe mpiga picha kabla. Beba picha ya zamani, na umkumbushe akupige ukiwa umesimama kama mara ya kwanza.